Sekunde 40 kwenye kivuko: nilivyoacha kuongea Kiingereza silabi kwa silabi

Mimi niko upande wa makaratasi kwenye kiwanda cha samaki hapa Mwanza, minofu ya sangara ikisafirishwa nje mimi ndo naandaa nyaraka na kuongea na wanunuzi. Imeili sina shida nayo kabisa. Ila simu jamani! Nilikuwa naongea sentensi imenyooka, sarufi iko sawa, halafu jamaa wa upande wa pili anauliza "sori?" mara tatu, na yeye akiongea mimi nasikia kitu kama mvua kwenye bati. Nikajiaminisha kwamba dawa ni kuongea haraka, nikaanza kukimbiza maneno, ikawa mbaya zaidi.

Kilichonisaidia ni shadoingi, yaani unacheza hotuba fupi iliyorekodiwa na wewe unaongea juu yake, nyuma ya msemaji kidogo tu, unamfuata kama kivuli. Sio kusikiliza, kustopisha, kisha kurudia, hapana, yeye hasimami na wewe husimami. Wakalimani huwa wanafanya zoezi la namna hii wakiwa mafunzoni. Ila nimeona watu wengi wanalifanya wiki mbili wanaacha, na mimi mwenyewe ilinishinda mara ya kwanza, kwa sababu nilidhani naiga spidi wakati kitu cha kuiga ni jinsi maneno madogo yanavyominywa.

Ngoja nioneshe kwa sentensi moja, naandika kwa masikio yetu. Msemaji wangu wa kwanza alikuwa Mmarekani, akauliza watu ukumbini "mtafanya nini kuhusu hilo?" Mimi nilikuwa natamka: woti-a-yu-going-tu-du-abauti-iti. Hesabu silabi, ni 13, na zote nimezipa haki sawa kama nagawa pilau msibani. Yeye alisema: wara-ya-gona-DU-aBAUrit. Ni 9 tu. Yaani hakukimbia! Alikuwa na silabi chache kuliko mimi, na alizozikanyaga kwa nguvu ni mbili, DU na BAU, zingine zimepita kwa sauti ya kivivu, ile a fupi ambayo mdomo hata haufunguki vizuri.

Zile 4 nilizoongeza mimi zimetoka wapi? Tatu ni irabu tulizozoea kubandika mwishoni, woti, abauti, iti, maana Kiswahili neno linapenda kuishia na irabu. Ya nne ni kwamba going tu kwake imeyeyuka ikawa gona. Halafu angalia mwisho, abaut na it zimeungana, ile t imerukia neno la pili na ikalainika ikawa karibu kabisa na r yetu ya kwenye "kura". Hiyo ni tabia ya Wamarekani, Waingereza wengi hawafanyi hivyo, kwa hiyo ukichagua msemaji kaa naye, usichanganye wiki moja. Na usione kama ni ufundi wa kizungu, sisi tunaminya kila siku, nani anasema "niambie" yote? Tunasema nambie. "Sijui" inakuwa sjui. Tofauti ni kwamba Kiswahili bado karibu kila silabi inapata muda wake na mkazo unajulikana uko wapi, ya pili kutoka mwisho, wakati Kiingereza kinakanyaga neno lenye uzito na kuburuza mengine.

Sasa ninavyofanya. Naishi ng'ambo, Kamanga, asubuhi napanda kivuko kuja mjini, na ule muda wa majini unanitosha. Nachukua kipande cha sekunde 40 tu. Mtu wa kawaida jukwaani anaongea kama maneno 150 kwa dakika, kwa hiyo hapo una maneno 100 hivi, na hayo yanatosha wiki nzima, niamini. Hotuba za TED ni nzuri kwa sababu maandishi yake yapo, ila kwepa zile rekodi zilizotengenezwa kwa wanafunzi zinasomwa taratibu, humo maneno yameshatenganishwa na hicho unachokitafuta hakimo.

Siku ya kwanza siongei kabisa. Nasikiliza nikiwa na maandishi, napiga mstari chini ya silabi zinazokanyagwa na nachora kiupinde pale maneno mawili yanaposhikana. Siku ya pili naguna tu, mm-mm-MM-mm, bila maneno, nafuata mapigo yake. Usiicheke hii hatua, ndo iliyonitoa. Mama mmoja muuza dagaa alinikuta nimeegemea chuma naguna akanambia "Mwangaluka mwanangu, unaumwa tumbo au unasali?" Nikamwambia nasoma mama, akasema haya, Mungu akusaidie, akasogea pembeni kidogo.

Siku ya tatu naweka maneno, kwa spidi ya 0.75 kwenye YouTube, na jioni hiyo hiyo narudi 1. Usikae kwenye 0.75 siku nyingi maana kule unapata nafasi ya kutamka kila kitu, tabia ya zamani inarudi. Dakika 15 kwa siku, zaidi ya hapo ulimi unachoka unaanza kubuni.

Sasa hapa ndo pa muhimu, kurekodi. Ukiwa na hedifoni sauti ya msemaji inaziba makosa yako, unajiona umefanana naye kumbe umemeza nusu ya maneno. Mimi nacheza kipande kwenye simu moja, nakisikia masikioni, narekodi mdomo wangu kwa simu ya mdogo wangu, maana ya kwangu nikibonyeza kurekodi inakata sauti. Halafu nasikiliza rekodi yangu peke yake na maandishi mkononi. Mara ya kwanza nilivyosoma kile kipande bila msemaji nilitumia sekunde 58, yeye 40.

Na ukisikiliza utaona hauchelewi kila mahali, unachelewa sehemu zile zile. Mimi nilikuwa nabaki nyuma baada ya kila neno linaloishia na konsonanti mbili au zaidi. Kuna sehemu alisema "alimwomba", kwangu ilikuwa askidi himu, kwake ask-tim, lile h limepotea kabisa. Nilikitoa hicho kipande cha nusu sekunde nikakizungusha peke yake kama mara 20, nikarudi kwenye kipande chote, na ule uchelewaji ukaisha pale pale. Kwa hiyo ukichelewa usiongeze mwendo, rudi nyuma neno moja utafute irabu uliyobandika au neno dogo ulilolipa heshima isiyo yake.

Nisikudanganye, haikupi misamiati na haikufundishi kujibu, maana kwenye kivuli huna cha kufikiria. Kwenye simu ya kwanza baada ya mwezi mdomo wangu ulikuwa sawa kwa sentensi nilizozizoea, nikiulizwa kitu kipya narudi kule kule kugawa pilau. Kilichobadilika mapema zaidi ni masikio. Yule mnunuzi aliuliza mzigo utatoka lini, nikasikia kila neno, hata yale aliyoyameza.

Wiki hii nina kipande cha dada mmoja Mwingereza, sekunde 36, na kuanzia ile ya 22 kuna maneno matano kayapitisha kwa pumzi moja, yananipiga chenga toka Jumatatu.