Mkopo wa simu: anza na siku, riba baadaye

Nafanya kazi kwenye dawati la mikopo la sacco moja hapa Nakuru, na muda mwingi nasoma taarifa za M-Pesa za watu wanaoomba mkopo, pamoja na ripoti zao za CRB, yaani mashirika yanayotunza rekodi za madeni. Mimi mwenyewe hukopa kwa simu dharura ikinibana, kwa hivyo siandiki haya kumkataza mtu. Nataka tuizungumzie ada ya kuongeza muda, kwa sababu ndiyo inayowamaliza wengi ninaoketi nao.

Kuna mama mshonaji aliyekuja kwetu katikati ya Machi akitaka mkopo wa cherehani ya umeme. Januari alikuwa amepata oda ya sare za shule, akakosa pesa ya kitambaa, akakopa Sh6,000 kwenye apu. Alipewa siku 14. Ada ilikuwa asilimia 12 na ilikatwa pale pale mwanzoni, hivyo kilichoingia kwenye M-Pesa yake kilikuwa Sh5,280, huku akidaiwa 6,000. Mkopo wenyewe aliuchukua tarehe 6 Januari, na wazazi walikuwa wamemwambia wazi kwamba watamlipa mwisho wa Februari.

Tarehe 20 Januari hakuwa na pesa. Apu ikampa nafasi ya kulipa Sh720 ili asogezewe siku 14 nyingine. Akalipa. Tarehe 3 Februari akalipa tena 720, na tarehe 17 vilevile. Tarehe 3 Machi wazazi walipokuwa wamemaliza kulipa, alitoa zile 6,000 na deni likaisha. Ukijumlisha ile ada ya mwanzo na hizo tatu, alilipa Sh2,880 kwa pesa ambayo mkononi mwake ilikuwa Sh5,280. Hiyo ni zaidi ya nusu, kwa wiki nane. Kwenye sacco inayotoza asilimia moja kwa mwezi, Sh6,000 kwa miezi miwili ingemgharimu shilingi mia moja na ushei.

Angalia jambo moja hapo: zile 720 tatu za kuongeza muda hazikupunguza hata shilingi ya deni. Tarehe 17 Februari, baada ya kulipa jumla ya Sh2,160, bado alikuwa anadaiwa 6,000 kamili. Watu wengi hawalioni hili kwa sababu ujumbe unaokuja baada ya malipo una lugha ya pongezi, na tarehe mpya inaleta pumzi. Kila unapoambiwa ulipe ili uongezewe muda, tafuta salio kwenye apu baada ya kulipa. Kama halijashuka, umenunua siku tu.

Kwa hivyo kabla sijagusa kitufe cha kukopa, najiuliza pesa ya kulipia inaingia tarehe ngapi, na inatoka kwa nani. Mshonaji yule alikuwa na jibu la uhakika: mwisho wa Februari. Mkopo wa siku 14 uliochukuliwa tarehe 6 Januari haukuwa na njia ya kufika huko bila kuongezwa mara tatu. Gharama kamili ilikuwa inajulikana tangu siku ya kwanza, ila hakuna skrini iliyomwonyesha. Ukiona tarehe ya pesa yako iko mbele ya tarehe ya mkopo, zidisha ada kwa idadi ya vipindi vitakavyopita, kisha uamue kama biashara inaweza kubeba mzigo huo. Faida ya sare zile ilikuwa karibu Sh4,000. Nyingi yake ilikwenda kwenye ada.

Mikopo ya simu haifanani yote, na tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa siku 30, na usipolipa ndani ya siku hizo, ada ilitozwa tena juu ya salio. Hustler Fund iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022 ilikuja na asilimia 8 kwa mwaka. Sh1,000 kwa siku 14 ni kama shilingi tatu za riba, ingawa asilimia 5 ya mkopo huwekwa kwenye akiba yako. Halafu kuna apu ambazo kwenye ukurasa wa kupakulia zimeandika muda wa siku 91 au zaidi, lakini ukishaingia unapewa siku 7 au 14. Zinaandika hivyo kwa sababu Google hairuhusu kwenye duka lake apu za mikopo ya kibinafsi inayodai kulipwa yote ndani ya siku 60 au chini. Apu inayodanganya kuhusu siku kabla hata hujakopa, mimi naifuta. Pia naangalia kama jina la kampuni liko kwenye orodha ya wakopeshaji wa kidijitali wenye leseni, ambayo Benki Kuu huiweka kwenye tovuti yake.

Sasa rekodi. Mama yule alipokuja kwetu, ripoti yake ya CRB ilikuwa safi, maana alikuwa akiongeza muda kabla ya kuchelewa. Lakini sisi huomba pia taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, na huko zile 720 zilikuwa zimepangana kila baada ya wiki mbili kwenda nambari moja ya malipo. Kamati iliyasoma malipo hayo kama dalili ya mtu ambaye pesa yake haitoshi mwezi, ikampa nusu ya alichoomba. Niliwaeleza habari ya sare na tarehe za wazazi, na ndiyo maana hata hiyo nusu ilipatikana. Ukiwa na historia ya namna hiyo, njoo na maelezo na daftari la oda mkononi kabla hujaulizwa.

Anayeshindwa kabisa ana njia tofauti. Mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa umeharibika, na mkopeshaji anatakiwa akupe notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka jina lako CRB kwa ubaya. Deni lililo chini ya Sh1,000 halipaswi kukuorodhesha, tangu mabadiliko ya 2020. Siku hizo kabla ya 90 ndizo za kuzungumza. Badala ya kutuma ada nyingine ya kuongeza muda, andika kwa mkopeshaji upendekeze mafungu, uhakikishe kila fungu linakata deni lenyewe, na uweke majibu yao. Kanuni za 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kukutisha au kuwapigia watu walio kwenye simu yako. Wakifanya hivyo, piga picha ya skrini na upeleke malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data.

Ukishalipa deni lililokuwa limeorodheshwa, usidhani limefutika. Hali yake hubadilika kuwa limelipwa, lakini historia ya kutolipa hubaki kwenye faili kwa miaka mitano tangu siku uliyomaliza. Na mara nyingi hata mabadiliko hayo hayafanyiki yenyewe: nimeona ripoti zinazoonyesha salio la deni ambalo mteja ana risiti ya kulilipa. Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka kila shirika la CRB, kama vile TransUnion, Metropol na Creditinfo. Chukua zote, kwa sababu kosa linaweza kuwa kwenye moja tu. Ukilikuta, peleka malalamiko kwa shirika hilo pamoja na ujumbe wa M-Pesa wenye nambari ya muamala, na nakala moja umpe mkopeshaji, kwa kuwa yeye ndiye anayepaswa kutuma marekebisho.