Deni la mwanafunzi wa miaka 17: nani analipa, na kiasi gani

Swali: Nina duka Iringa. Miezi michache iliyopita mwanafunzi wa kidato cha tano, mwenye miaka 17 na aliyefiwa na baba, alichukua kwangu kwa mkopo godoro la shilingi 110,000, sare pea mbili na viatu kwa 95,000, vyakula vya muhula kwa 180,000 na simu janja ya 420,000. Tuliandikishana kwa mtu mwenye steshenari karibu na mahakama, akatupigia mhuri, na tukaweka riba ya asilimia 10 kwa mwezi akichelewa. Sasa amechelewa miezi 4. Marehemu baba yake aliacha nyumba inayopangishwa, na baba mdogo wake ndiye msimamizi wa mirathi. Kijana anasema sheria haimgusi kwa kuwa ni mtoto. Yule mwandishi anasema sare na chakula ni mahitaji ya lazima, kwa hiyo mkataba wote unambana, na kwa usalama zaidi nisubiri afikishe miaka 18 asaini upya. Nani kati yao yuko sahihi?

Jibu: Kijana yuko sahihi kwa nusu, na mwandishi wako amekosea karibu kila alichokuambia. Nitaanza na mwandishi, kwa sababu maneno yake ndiyo ninayoyasikia kila mara kwa wenye maduka, wenye nyumba za kupangisha na wenye pikipiki, na ndiyo yanayowafanya watu wapoteze hata kile kidogo ambacho sheria ingewapa.

Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinataka kila anayeingia mkataba awe amefikia umri wa utu uzima, ambao kwetu ni miaka 18, na kinatamka wazi kwamba makubaliano ya mtu asiye na sifa hiyo ni batili. Kifungu hicho hakikuacha mlango wa pembeni kwa mkataba wa chakula, sare au dawa. Kwa hiyo hakuna kitu kinachoitwa mkataba wa mahitaji ya lazima unaombana mtoto hapa Tanzania. Karatasi yenu ilikuwa batili tangu wino ulipogusa, mchele ukiwemo na simu ikiwemo. Mhuri haubadilishi jambo hilo, kwa kuwa hata mhuri halali wa kamishna wa viapo unathibitisha tu kwamba mtu fulani alisaini mbele yake, na hauwezi kumwongezea aliyesaini hata siku moja ya umri.

Sheria yetu ya mwaka 1961 ilichukua sehemu kubwa ya maneno yake kutoka sheria ya India ya mwaka 1872, na ndiyo maana shauri la Mohori Bibee dhidi ya Dharmodas Ghose, lililoamuliwa mwaka 1903 na Baraza la Faragha la Uingereza, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufani kwa makoloni, bado linasomwa katika vyuo vyetu vya sheria. Kijana wa Kalkuta aliweka nyumba zake rehani kwa mkopeshaji, na wakala wa mkopeshaji alikwisha kupata taarifa kwamba kijana hajafikisha umri. Rehani ilifutwa, na mkopeshaji alipoomba walau arudishiwe fedha alizokwisha kutoa, akanyimwa. Sababu iliyotolewa ni nyepesi kueleweka: pasipo mtu mwenye uwezo wa kufunga mkataba hapakuwa na mkataba wowote, na masharti ya kurudishiana yaliyomo katika sheria ya mikataba yanawahusu watu waliokuwa na uwezo huo.

Hapo kijana wako angefurahi, lakini asifurahi mapema. Kifungu cha 68 cha sheria hiyohiyo kinasema kwamba mtu asiye na uwezo wa kufunga mkataba akipatiwa na mwingine mahitaji yanayolingana na hali yake ya maisha, aliyempatia ana haki ya kufidiwa kutoka katika mali ya huyo aliyepatiwa. Naomba ukisome kifungu hicho taratibu, kwa maana kila neno lina uzito. Haki yako inatokana na ukweli kwamba chakula kilitoka dukani kwako kikaliwa na mtu aliyekihitaji, na sahihi yake haichangii chochote. Ndiyo maana riba ya asilimia 10 inaanguka pamoja na karatasi, na bei mliyoandika nayo inaanguka. Unachoweza kudai ni thamani ya haki ya kitu kilichotolewa. Tena malipo hutoka katika mali yake tu. Yeye mwenyewe hadaiwi, hawezi kukamatwa kwa ajili ya deni hilo, na kama asingekuwa na mali yoyote ungebaki na daftari lako la mikopo na hakuna zaidi.

Sasa tuvitazame vitu vyako kimoja kimoja. Ili kitu kihesabiwe kuwa hitaji, lazima kipite mitihani miwili: kilingane na maisha ya mtoto huyo, na awe alikihitaji kweli siku alipokabidhiwa. Mtihani wa pili ndio unaowaangusha wauzaji. Mwaka 1908 mahakama ya rufani ya Uingereza iliamua shauri la Nash dhidi ya Inman, ambamo fundi cherehani wa London alimdai mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge gharama za nguo, zikiwemo vizibao 11 vya fahari. Nguo ni hitaji, na baba wa kijana alikuwa mtu wa uwezo, lakini ikathibitika kwamba baba huyo alikwisha kumnunulia mwanawe nguo za kutosha. Fundi akashindwa, kwa sababu mzigo wa kuthibitisha kwamba mnunuzi alikuwa na upungufu ulikuwa wake, na hakuuthibitisha. Kutojua kwake kwamba kabati la kijana lilikuwa limejaa hakukumsaidia.

Kwa hiyo, kabla ya kudai fedha za sare, ulizia kama baba mdogo alikwisha kumnunulia nyingine alipokwenda kuripoti shuleni. Kama alinunua, hiyo 95,000 usiihesabu. Godoro lina nafasi nzuri iwapo alikuwa amepanga chumba kitupu mtaani. Kama analala bweni na ana godoro jingine, utapata taabu kueleza la pili lilikuwa la nini. Vyakula sioni vikipingwa, ila kwa bei ya haki, si bei ya mkopo. Tuseme bidhaa zilezile ulikuwa ukiziuza taslimu kwa 150,000. Basi ile 30,000 uliyoiongeza kwa kuwa atalipa baadaye ni faida ya mkataba ambao haupo. Simu ya 420,000 kwa mwanafunzi wa kidato cha tano anayekopa unga ningekushauri uisahau kama dai la fedha. Mueleze msimamizi kwa upole kwamba ungependa irudishwe ikiwa bado ipo. Wengi hukubali, kwa kuwa hawataki mzozo unaoigusa mirathi.

Ukijumlisha, karatasi yako inakuambia kwamba unadai 805,000 na riba ya miezi 4 ambayo ni 322,000, yaani 1,127,000. Dai lenye miguu mbele ya hakimu ni godoro, sare na chakula kwa bei ya taslimu, yaani 355,000, na sare zikitolewa linashuka hadi 260,000. Najua si habari njema, lakini ni afadhali uipate leo kuliko baada ya kulipia ada na nauli za mahakamani.

Dai hilo lielekeze kwa msimamizi wa mirathi kwa barua, ukitaja kila kitu, tarehe kilipochukuliwa, bei yake ya taslimu siku hiyo, na sababu ya kuamini kwamba kijana alikihitaji. Omba lilipwe kutoka katika mgao wa kijana wa pango la nyumba. Usimdai baba mdogo kutoka mfukoni mwake. Wazazi na walezi wana wajibu wa kumtunza mtoto chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, lakini wajibu huo wanadaiwa na mtoto, na haumgeuzi mwenye duka kuwa mdai wao, isipokuwa kama wao ndio waliomtuma mtoto achukue bidhaa kwa niaba yao. Ikibidi kwenda mahakamani, hakikisha mahakama inamteua mtu mzima wa kumwakilisha kijana katika shauri hilo, maana hukumu iliyotolewa dhidi ya mtoto asiye na mwakilishi hutenguliwa kwa urahisi.

Na lile la kusubiri afikishe miaka 18 asaini upya? Ushauri huu ndio unaonikera kuliko yote, kwa sababu unafanana na busara. Kitu batili hakina uhai wa kuhuishwa. Mahakama za India, zinazotumia maneno yaleyale, zimewahi kukataa ahadi iliyotolewa na mtu mzima ya kulipa deni alilolichukua akiwa mtoto, kwa kuwa kitu kilichotolewa kubadilishana na ahadi hiyo kilikwisha kutolewa enzi za utoto na hakuna kipya kilichotolewa. Akipenda kukulipa kwa hiari akiwa mtu mzima, pokea. Lakini kumsainisha karatasi ya pili kwa bidhaa zilezile ni kumlipa mwandishi mara ya pili kwa kosa lilelile.

Mawakili vishoka hawa wana dawa nyingine, nayo ni kumwandikisha kijana kwamba ametimiza miaka 18, wakati mwingine kwa kiapo. Haifanyi kazi. Mwaka 1914, katika shauri la Leslie dhidi ya Sheill, kijana wa Uingereza alidanganya umri wake akakopeshwa pauni 400, na mahakama ikakataa kumlazimisha azilipe, kwa kuwa kufanya hivyo kungekuwa kuutekeleza mkataba batili kwa jina jingine. Kama alichokipata kwa uongo kingekuwa kitu kinachotambulika na bado kiko mikononi mwake, angeweza kuamriwa akirudishe. Fedha zilizokwisha kutumika haziwezi kurudishwa hivyo. Na kwa kuwa wewe ulijua umri wa mteja wako, hata mlango huo mwembamba umefungwa.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, siioni kwenye maduka bali kwenye pikipiki za mkataba. Mwenye chombo anampa kijana wa miaka 16 au 17 pikipiki, wanaandikishana marejesho ya kila siku hadi iwe ya kijana, na vishoka wanamhakikishia kwamba kazi ni hitaji la lazima kwa kuwa kijana anajitegemea. Mahakama ya Uingereza ililikataa wazo hilo mwaka 1937, katika shauri la lori lililochukuliwa kwa malipo ya awamu na kijana aliyekuwa akifanya biashara ya usafirishaji: chombo cha biashara hakikuhesabiwa kuwa hitaji, hata kama ndicho kinachomlisha. Pikipiki ikigongwa au ikiuzwa, mwenye chombo hana marejesho ya kudai, wala kifungu cha 68 cha kukimbilia.

Mwenye kutaka kumuuzia au kumkodisha mtoto kitu chochote cha thamani amwite mzazi au mlezi, na huyo asaini akiwa ndiye mnunuzi na mdaiwa mwenyewe. Mara nyingi ninachoona ni mzazi amesaini kwenye nafasi ya shahidi, na shahidi hadaiwi.