Manukato ya "Kimashariki": Mashariki ipi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimeanza kazi kwenye duka la manukato hapa Tanga. Mwenye duka anataka vibao vya rafu viandikwe kwa Kiswahili, na amenipa maneno haya: manukato ya miti, ya maua, ya machungwa na ya Kimashariki. Hilo la mwisho wateja wananiuliza ni Mashariki ipi, nami sina jibu. Nitumie maneno gani? Na nitajuaje chupa ipi ikae rafu ipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Wateja wako wana haki ya kuuliza, na nitaanza na kibao hicho cha nne kwa kuwa ndicho kibovu. Vile vitatu vinahitaji marekebisho madogo tu.

Jina la Kimashariki lilizoeleka kwa watengenezaji wa manukato wa Ulaya. Walilitumia kwa harufu zilizojengwa juu ya vitu vilivyowafikia kutoka mbali: utomvu unaonukia, vanila, viungo, miski. Kwa mtu aliyekaa Paris ilitosha kusema vitu hivyo ni vya huko Mashariki. Kwa mtu wa Tanga haitoshi. Ubani unatoka Somalia na Dhofar ya Omani, yaani kaskazini kwetu. Karafuu iko Pemba, ng'ambo tu ya mlango wa bahari. Vanila asili yake ni Meksiko, na siku hizi nchi inayoongoza kwa kuizalisha ni Madagaska. Ukisimama mlangoni pa duka lako ukavitafuta kimoja kimoja, utazunguka pande zote za dunia.

Wanaotumia Kiingereza nao wameanza kuliacha neno hilo. Mwaka 2021 Michael Edwards, ambaye chati yake ya duara ya jamii za harufu inatumiwa na wauzaji wengi, aliliondoa akaweka jipya, "amber". Mtafsiri mwenye haraka ataona hapo "ambari", ataandika kibao, na kosa litakuwa limezaa kosa. Kiswahili kinatenganisha vitu viwili ambavyo neno hilo la Kiingereza linavichanganya. Ambari ni kitu kinachotoka tumboni mwa nyangumi na kutupwa ufukweni na mawimbi. Pwani yetu inaijua tangu zamani: msafiri wa Kiarabu al-Masudi, aliyesafiri kutoka kisiwa cha Qanbalu hadi Omani mwaka 916, aliandika kuwa ambari bora hupatikana katika bahari ya Zanj, yaani ya pwani hii yetu. Kaharabu ni utomvu wa kale sana uliogeuka kitu kigumu kama jiwe, nao ndio unaotengenezewa shanga na tasbihi. Hiyo "amber" ya watengenezaji wa manukato si ambari wala kaharabu. Ni mchanganyiko uliobuniwa, hasa wa vanila na utomvu wa miti na vichaka, wenye utamu na joto. Ambari yenyewe haina utamu huo, kwani inanukia chumvi na bahari, na ndani yake mna kitu cha kinyama kidogo. Mteja akisoma "ambari", kisha akutane na vanila, atakuwa amedanganywa.

Ushauri wangu ni kuita kwa vitu vyenyewe: manukato ya ubani na viungo. Mtu wa pwani akisoma hivyo anapata picha papo hapo: chetezo, mdalasini, karafuu, iliki, utamu unaokaa chumbani baada ya moshi kwisha. Nasema ubani wa kwenye mkaa, kwa maana ubani mbichi ukiunusa una ukali kidogo wa limau. Vanila ukitaka iongeze kwa kalamu ndogo chini ya kibao, kwani ndiyo iliyojaa katika chupa nyingi za rafu hii.

Machungwa sasa. Neno lenyewe si kosa, ila linaelekeza kwenye tunda la kula na utamu wake, ilhali harufu ya rafu hii iko kwenye ganda. Kwaruza ganda la ndimu kwa ukucha, ulete kidole puani: huo ukali unaosisimua na kujaza mate mdomoni ndio wenyewe. Kwa hiyo ningeandika manukato ya ndimu, na hapo wataingia chungwa, chenza, balungi, hata mchaichai ambao ni nyasi. Usione tabu kuweka nyasi hapo. Mchaichai una kemikali ileile, sitrali, inayoipa limau sehemu ya harufu yake, na sisi tunapanga harufu, hatupangi mimea.

Hilo la kutopanga mimea lina maana kubwa kuliko linavyoonekana, na mdanzi unaonyesha vizuri. Ganda la danzi likikamuliwa linatoa mafuta yanayokwenda rafu ya ndimu. Maua ya mti huohuo yakipikwa kwa mvuke yanatoa mafuta mengine, na hayo yanakwenda rafu ya maua. Majani na vitawi vinatoa mafuta ya tatu, yenye ubichi na uchungu kidogo. Mti mmoja, na hakuna hata moja kati ya mafuta hayo linalokaa rafu ya miti. Kwa sababu hiyo kibao cha "manukato ya miti" kinahitaji maelezo kwa mteja: hapa mti maana yake ni gogo lenyewe, si chochote kinachoota juu yake. Sandali na mwerezi vimo. Karafuu haimo, kwani ni tumba la ua lililokaushwa. Ubani haumo, kwani ni utomvu. Wengine wamependekeza "ya mbao", nami silipendi, maana mbao kwetu ni za kuezekea na kutengenezea samani, na mteja atafikiria karakana ya fundi seremala.

Kwenye manukato ya maua sina la kubadilisha ila sarufi. Usiandike "ya kimaua". Kiambishi hicho kinaleta maana ya namna au mtindo, kama vazi la kizungu, na hapa tunataka ua lenyewe. Kwa mdomo sema "yananukia asumini", "yananukia waridi", bila kuweka "kama" katikati, kwa sababu kitenzi *nukia* kinabeba jina la kitu moja kwa moja. Na uwe mwangalifu usiseme *yananuka* mbele ya mteja, kwani wengi wakisikia nuka wanasikia uvundo. Asumini yenyewe inacheza kwenye mpaka huo: ndani yake mna indoli, kemikali ambayo imo pia katika vitu vinavyooza, na ndiyo inayoipa asumini ya usiku ule uzito unaokaribia kulevya. Ukinusa chupa ya maua ukahisi kuna kitu kizito, si kisafi sana, usiirudishe ukidhani imeharibika. Huenda ni asumini au langilangi nyingi.

Sasa namna ya kuamua chupa ikae wapi. Kosa la wengi ni kuamua dakika ya kwanza. Pulizia karatasi ya kunusia, iache kama dakika moja spiriti itoke, ndipo unuse bila kugusisha pua. Andika jina na saa nyuma ya karatasi. Inuse tena baada ya dakika ishirini, tena baada ya saa tatu hivi, na ya mwisho kesho asubuhi unapofungua duka. Mafuta ya ganda la ndimu ni mepesi na huruka kwanza. Maua hushika katikati. Sandali, utomvu na vanila ni mizito, na hivyo ndivyo utakavyovikuta asubuhi. Karatasi uziweke mbali na feni, na usinuse chupa zaidi ya tatu au nne kwa mkupuo. Pua ikichoka nusa shati lako au toka nje kidogo. Vile vibakuli vya buni vya madukani havisaidii zaidi ya hewa safi.

Chukua Shalimar ya Guerlain, ya mwaka 1925, ambayo vitabu vingi vinaitaja kuwa mfano halisi wa jamii hii tunayoitafutia jina. Ukiipuliza, kinachokupokea ni bergamoti, tunda la jamii ya ndimu linalolimwa hasa Kalabria, kusini mwa Italia, na ndilo linalotia harufu chai ya Earl Grey. Ukiamua hapo utaiweka rafu ya ndimu. Rudi baada ya dakika ishirini na zaidi: bergamoti imeanza kunyong'onyea, waridi na asumini zimesogea mbele, na sasa ungeapa kuwa ni ya maua. Asubuhi karatasi ina vanila, utomvu mtamu na kaharufu ka moshi, wala hakuna ndimu wala ua. Hiyo ni ya ubani na viungo. Vanila yake ni nyingi mno hata ukinusa kwa makini unaihisi chini ya bergamoti tangu mwanzo, na ukishaizoea utaacha kudanganyika.

Kinyume chake, chupa ya rafu ya ndimu haifichi kitu. Karatasi yake asubuhi iko karibu tupu, au imebaki na miski hafifu. Mteja akikulalamikia kuwa manukato ya ndimu "hayakai", mweleze kuwa ndivyo yalivyoumbwa, na kwa joto la Tanga yatakaa muda mfupi zaidi juu ya ngozi.

Umebaki udi, nao utakusumbua. Dukani neno hili lina maana mbili. Kuna udi wa mti, yaani gogo lililoshambuliwa na kuvu likajaa utomvu mweusi, linalotoka Asia. Kuna pia udi wa kufukiza tunaopika nyumbani kwa sukari, vipande vya sandali, viungo na uturi. Wa kwanza una ukavu, ngozi ya mnyama iliyotengenezwa, na kaukali kama ka dawa. Wa pili ni mtamu tangu mwanzo. Chupa nyingi zilizoandikwa udi zimeundwa kwa kemikali za kuigiza, hivyo usisome lebo, nusa karatasi ya asubuhi: ikiwa kavu, peleka rafu ya miti, na ikiwa tamu, peleka rafu ya ubani na viungo. Zile zinazobaki na vyote viwili ziweke pale rafu hizo mbili zinapopakana.

Uturi wa kuuzwa kwa tola usiupime kwa njia hii ya karatasi. Hauna spiriti, haufunguki kwa hatua zilezile, na unahitaji joto la ngozi. Upake kidogo ndani ya kifundo cha mkono, usisugue, na uusikilize kwa saa nzima kabla hujaupa rafu.