Slipeji: andika bei kabla ya kubonyeza, halafu panga kwa saa za New York

Ukitaka kupima slipeji, yaani tofauti kati ya bei uliyoamua kuingia nayo na bei uliyojaziwa, kwa kufungua historia ya MetaTrader 5 mwisho wa wiki, utakuta nusu tu ya unachohitaji. Bei uliyojaziwa ipo, kiasi kipo, muda upo. Bei uliyokuwa ukiitazama wakati unaamua kuingia haipo, kwa sababu hakuna aliyeihifadhi. Historia inatunza kilichotokea, haitunzi ulichokusudia. Kwa hiyo kazi yenyewe inaanza kabla ya oda kutoka kwenye kompyuta yako, na mdogo wangu unayeanza leo, hapo ndipo ningependa tukae kwanza.

Kwa oda ya sokoni, chukua Bid na Ask zote mbili, pamoja na muda, kabla oda haijaenda. Kama unatumia roboti, mistari michache inatosha:

```
MqlTick t;
SymbolInfoTick(_Symbol, t);
ulong anza = GetMicrosecondCount();
bool ok = OrderSend(req, res);
ulong ms = (GetMicrosecondCount() - anza) / 1000;
```

Baada ya hapo usiitegemee `res.price` kama bei ya kujaziwa, maana kwa baadhi ya mabroka inarudi ikiwa sifuri. Chagua dili lenyewe kwa `HistoryDealSelect(res.deal)`, kisha soma `DEAL_PRICE`. Oda ikijazwa vipande vipande, zidisha bei ya kila kipande kwa kiasi chake, jumlisha, gawa kwa kiasi chote. Anayebonyeza kwa mkono naye aweke skripti ndogo inayofanya hivihivi. Kuandika bei kwenye daftari baada ya kubonyeza hakufai. Macho yako tayari yameshaona bei mpya.

Kwa nini nasisitiza Bid na Ask zote mbili? Tuchukue mfano mmoja wa EURUSD. Umeamua kununua nusu loti, Bid ni 1.08412 na Ask ni 1.08424. Oda inajazwa kwa 1.08431. Slipeji ni kiasi gani? Ukilinganisha na Ask, ambayo ndiyo bei ya mnunuzi, ni pip 0.7. Ukilinganisha na katikati ya Bid na Ask, yaani 1.08418, ni pip 1.3. Na ukilinganisha na chati, utapata pip 1.9, kwa sababu chati za sarafu za MetaTrader huchorwa kwa Bid. Kwa nusu loti, pip moja ni dola 5, kwa hiyo biashara ileile imekugharimu dola 3.50, au 6.50, au 9.50, kutegemea umesimama wapi ukipima.

Wageni wengi wanasimama kwenye chati bila kujua. Wakishapata ile pip 1.9 wanaanza kumlalamikia broka, wakati pip 1.2 kati ya hizo ni spredi ambayo ilikuwa mbele yao kwenye skrini tangu mwanzo. Ajabu ni kwamba kosa hilo halionekani wakati wa kuuza, kwa kuwa muuzaji anatumia Bid yenyewe. Ndiyo maana ukiona jedwali linadai kununua kunateleza sana na kuuza hakutelezi, kabla ya kutunga nadharia yoyote kuhusu soko, uliza bei ya uamuzi ilitoka wapi.

Mimi hutumia Ask kwa kununua na Bid kwa kuuza, na spredi naiweka kwenye safu yake. Wapo wanaopenda katikati, na wana hoja nzuri wanapotaka gharama yote kwa namba moja. Chagua moja uishike. Ubaya ni kuchanganya.

Stoplosi ina uamuzi wa aina nyingine. Bei ya kuamua ni kiwango ulichokiweka, si bei iliyokuwepo ulipokiweka. Kama stoplosi ya kuuza ilikuwa 1.08300 na ukajaziwa 1.08276, umeteleza pip 2.4. Ili namba za kununua na kuuza zisomeke upande mmoja, weka alama: +1 kwa kununua, -1 kwa kuuza, halafu zidisha kwa tofauti ya bei ya kujaziwa kutoa bei ya uamuzi. Hapo chanya siku zote ni hasara na hasi ni faida. Alama hiyo iangalie kwa dili, si kwa posisheni: ukifunga ulichokuwa umenunua, dili la kufunga ni la kuuza. Oda za limiti usizitie humu kabisa. Hazijazwi kwa bei mbaya kuliko uliyotaja, gharama yake iko kwenye zile ambazo hazikujazwa, na ukizichanganya zitashusha wastani wako na kukudanganya.

Sasa kwenye saa. Hapa ndipo sisi wa Dar tunapojikwaa kwa namna yetu.

Tanzania haisogezi saa mwaka mzima. New York na London zinasogeza. Mabroka wengi wa MetaTrader wanaiweka seva kwenye UTC+2 wakati wa majira ya baridi ya huko na UTC+3 wakati wa kiangazi, ili siku ya seva ifungwe saa 17:00 ya New York. Maana yake ni kwamba ukifanya ukaguzi wako mwezi Julai, saa ya seva na saa ya ukutani hapa Dar zitakuwa sawasawa, utaridhika, na hutaigusa tena. Ikifika Novemba seva inarudi nyuma saa moja na jedwali lako linaanza kuchanganya bila kutoa onyo lolote. Ongeza na mazoea yetu ya kuandika saa 4 tukimaanisha 10:00, na mtu mmoja anaweza kuwa na saa tatu tofauti kwenye faili moja. Hifadhi muda wote kwa UTC, geuza wakati wa kusoma tu.

Na unapogeuza, usigeuze kwenda saa za Dar. Slipeji haifuati jua la Kigamboni. Inafuata matukio ya masoko ya mbali: saa 17:00 ya New York, tarehe ya malipo inapobadilika na benki nyingi zinapunguza kiasi zinachokubali kununua na kuuza, na saa 08:30 ya New York, ripoti kubwa za uchumi wa Marekani zinapotoka, ikiwemo ya ajira. Kwetu tukio la kwanza linaangukia saa 6 usiku katika kiangazi chao na saa 7 usiku katika baridi yao. La pili ni saa 9:30 alasiri, kisha saa 10:30.

Tazama linavyoharibu hesabu. Tuseme una stoplosi kumi zilizojazwa katika kila saa, kwa kila msimu. Kwenye saa ya 17 ya New York wastani ni pip 2.4, na kwenye saa zinazopakana nayo, 16 na 18, ni pip 0.4. Ukizipanga kwa saa za Dar kwa mwaka mzima, saa 6 usiku itabeba kumi za pip 2.4 na kumi za pip 0.4, jibu pip 1.4. Saa 7 usiku nayo hivyohivyo, pip 1.4. Umepata saa mbili mbaya kiasi, ukaamua pengine unaweza kuzivumilia. Ukweli ni kwamba kuna saa moja mbaya sana na jirani zake ni salama. Panga kwa New York namba hizo zinajitenga zenyewe, `d` ikiwa jedwali lako la pandas na `side` ile alama ya +1 au -1:

```python
ny = d.ts.dt.tz_localize("UTC").dt.tz_convert("America/New_York")
d["slot"] = ny.dt.floor("30min").dt.strftime("%H:%M")
d["slip"] = d.side * (d.fill - d.decision) / 0.0001
d.groupby(["type", "slot"]).slip.agg(["count", "median", "mean", "max"])
```

Nimegawa kwa nusu saa kwa makusudi. Saa nzima ya 08:00 ya New York ingechanganya dakika thelathini za utulivu kabla ya ripoti na zile za vurugu baada yake. London ina ukorofi wake: kwa wiki mbili au tatu za Machi, na wiki moja kuelekea Novemba, yenyewe na Marekani hazisogezi saa siku moja, hivyo ufunguzi wa London unahama kutoka saa 03:00 hadi saa 04:00 ya New York. Wiki hizo mimi huziondoa kwenye muhtasari nikizungumzia London.

Ukisoma jedwali, anza na safu ya `count`. Nusu saa yenye biashara tatu haikuambii kitu, hata ikiwa namba yake inatisha. Kisha linganisha namba ya katikati, `median`, na wastani. Zikiwa karibu na zote ziko juu, unateleza kidogo kila mara. Namba ya katikati ikiwa karibu na sifuri na wastani uko juu, kuna siku chache zilizokula pesa zote, na `max` itakuonyesha ya kuanzia.

Halafu rudi kwenye ile safu ya `ms`. Seva za mabroka wengi ziko London au New York, oda yako inavuka bahari. Kama nusu saa fulani ina slipeji kubwa na ucheleweshaji ni uleule wa siku zote, tatizo ni soko. Kama ucheleweshaji nao umepanda, huenda ni mtandao wako. Mwezi Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania ilidhoofika. Biashara za siku kama zile ziwekee alama, usimhukumu broka kwazo. Ukihamishia roboti kwenye seva ya kukodi iliyo London na slipeji ya saa hiyo isishuke, dhana ya mtandao imekufa. Stoplosi iliyo kwa broka haipiti kwenye intaneti yako inapojazwa, kwa hiyo ikiteleza usisingizie bando.

Jambo la mwisho la kutazama ni namba hasi. Oda za sokoni katika saa tulivu zinapaswa kuteleza pande zote mbili, nyingine zikujazie vizuri kuliko ulivyoomba. Ukiwa na mamia ya biashara na hakuna hata moja yenye namba hasi, mpelekee broka namba za tiketi, bei zote mbili na muda kwa milisekunde, uombe maelezo. Si jambo la kubuni: mwaka 2011 NFA, chombo kinachosimamia mabroka wa Marekani, ilimtoza broka FXCM faini ya dola milioni 2, na miongoni mwa malalamiko ni slipeji iliyokuwa ikimwumiza mteja bei ikienda vibaya bila kumnufaisha ikienda vizuri.