Siku ya tatu baada ya upasuaji, ni seli gani inatawala jeraha? Ushauri kwa wanaojiandaa na mtihani wa uuguzi

Swali hili linarudi mara kwa mara, maneno tu ndiyo yanayobadilishwa. Mama amejifungua kwa upasuaji, mshono wake ni mkavu, hauna usaha, homa hana, leo ni siku ya tatu. Ni seli gani zinazotawala kwenye jeraha lake? Unapewa nne uchague: plakete, netrofili, makrofaji, fibroblasti.

Wanafunzi ninaokaa nao jioni hapa Kadutu, Bukavu, kurudia masomo, wengi huweka alama kwenye netrofili. Ukiwauliza sababu, wanasema siku ya tatu bado ni inflamasyo, na inflamasyo ni netrofili. Sehemu ya kwanza ni kweli, ya pili ni nusu tu. Jibu ni makrofaji. Ndiyo maana huwa nawaambia: wacheni kukariri jedwali la hatua nne lenye seli moja kwa kila hatua. Mfuateni mgonjwa mmoja tangu kisu kinapopita, na kila mara mjiulize seli iliyopo sasa imeitwa na nani, na itaondokaje. Tumchukue huyo huyo mama.

Kisu kinapokata ngozi, mishipa midogo inajikaza yenyewe kwa dakika chache. Plakete zinanasa kwenye kolajeni iliyoachwa wazi, zinashikana, na nyuzi za fibrini zinazifunga pamoja kuwa donge. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, ya kuzuia damu, na mwenye hatua ni plakete. Mtu anaweza kusema seli nyekundu ndizo nyingi zaidi ndani ya donge, na kwa kuhesabu ana haki, lakini mtihani ukisema "inatawala" unauliza nani anafanya kazi. Seli nyekundu zimenaswa tu pale. Plakete, mbali na kuziba, zinamwaga vichochezi vya ukuaji, hasa PDGF na TGF-β, na hivyo ndivyo vinavyoita netrofili, monositi na baadaye fibroblasti. Ukikuta swali la seli ya kwanza kutoa vichochezi vya ukuaji kwenye jeraha, usitafute mbali: ni plakete.

Saa chache baadaye netrofili zinaanza kutoka kwenye damu na kuingia jerahani. Zinafikia kilele kati ya saa 24 na 48. Kazi yake ni kuua na kumeza bakteria, na kumwaga vimeng'enya vinavyoyeyusha tishu iliyokufa. Ukimtembelea mama kesho yake, kingo za mshono zitakuwa nyekundu kidogo, zina joto, zimevimba, na atakwambia panauma. Hiyo si maambukizi. Ni netrofili zikiwa kazini. Wekundu ukianza kusambaa mbali na mshono baada ya siku kadhaa, maumivu yakaongezeka badala ya kupungua, homa ikapanda au usaha ukatoka, hapo ndipo unamwita daktari.

Katika saa hizo hizo kuna jambo ambalo vitabu vingi vinaliweka mbali kwenye hatua ya tatu, na linawachanganya watu. Seli za juu ya ngozi, keratinositi, hazingojei inflamasyo iishe. Zinatambaa chini ya donge kutoka kingo zote mbili, na kwenye jeraha safi lililoshonwa vizuri zinakutana ndani ya saa 24 hadi 48. Ndiyo sababu bandeji ya kwanza ya upasuaji tunaiacha mahali pake kwa muda huo kama haijalowa, na baada ya hapo mshono mkavu unaweza kuachwa wazi. Hatua zinapandana. Ukilijua hilo, swali la aina ya "hatua ya tatu inaanza lini hasa" halikutishi tena.

Sasa tufike pale ambapo alama nyingi hupotea. Netrofili haiishi muda mrefu. Bakteria wakiwa wameisha, inakufa yenyewe kwa utaratibu, bila kupasuka. Nani anaondoa maiti hizo? Monositi za damu zilizokwisha kuingia na kugeuka makrofaji. Kuanzia saa 48 idadi yake inapanda, na siku ya tatu zimeshika nafasi ya netrofili. Makrofaji ikimeza netrofili iliyokufa, yenyewe inabadilika: inaacha kutoa vichochezi vya vita na kuanza kutoa vya ujenzi, vile vinavyoita fibroblasti na kuotesha mishipa mipya. Kwa hiyo makrofaji ndiyo inayofunga inflamasyo na kufungua ujenzi. Ikikosekana, jeraha linabaki mlangoni.

Hili halikubuniwa mezani. Mwaka 1972 Simpson na Ross waliondoa netrofili kwa simbilisi, hawa tunaowaita kobayi na ambao huku Kivu watu wengi wanawafuga jikoni. Majeraha yasiyo na maambukizi yalipona kama kawaida. Mwaka 1975 Leibovich na Ross walifanya vivyo hivyo kwa makrofaji, tena kwa kobayi. Safari hii uchafu wa jeraha ulichelewa kuondolewa, fibroblasti zilichelewa kuonekana, na uponaji ukazorota. Kwa mtihani, chukua hivi: swali likiuliza seli ya kwanza ya inflamasyo kufika, au inayotawala saa 24, andika netrofili. Likiuliza seli muhimu kuliko zote katika uponaji, au inayosimamia mpito kutoka inflamasyo kwenda ujenzi, andika makrofaji. Maswali hayo mawili hayana jibu moja.

Kwenye staji hili unaweza kulishika kwa vidole. Mama yetu akifika siku ya tano hadi ya tisa, pitisha kidole chenye glovu taratibu kando ya mshono wake. Chini ya ngozi utahisi kama ukingo mgumu, mwembamba, unaofuata mshono wote. Ni kolajeni mpya. Makrofaji zimeita, fibroblasti zimeitika, na kuanzia karibu siku ya tano ndizo zinazotawala, zikisaidiwa na seli za mishipa zinazoleta damu kwenye ujenzi. Mshono ukionekana mzuri juu lakini ukingo huo haupo siku ya tisa, usifurahi. Andika kwenye fishi ya mgonjwa na mwambie mkubwa wako kabla nyuzi hazijatolewa, kwa sababu jeraha la namna hiyo linaweza kufunguka. Mimi nimewazoesha wanafunzi wangu kutaja siku ya jeraha na seli inayotawala kabla hawajagusa bandeji, kisha kutazama kama wanachokiona kinakubaliana na walichosema. Anayefanya hivyo kwa wagonjwa kadhaa hahitaji tena kukariri tarehe.

Na kuna siku kitakachoonekana hakitakubaliana, na maswali magumu yanatoka hapo. Mfano: papa ana kisukari, ana kidonda cha mguu tangu wiki sita. Kidonda kina utando wa manjano, kinatoa maji mengi, kingo zake hazisogei. Seli gani zinatawala? Ukihesabu kalenda utaandika fibroblasti. Lakini kalenda ni ya jeraha linaloendelea vizuri. Kidonda hiki kimekwama kwenye inflamasyo: netrofili bado zimejaa, na makrofaji zimebaki katika hali ya vita. Vimeng'enya vyake vinakata kolajeni changa na kuharibu hata vichochezi vya ukuaji, kwa hiyo kinachojengwa kinabomolewa. Matibabu yanaeleweka mara moja ukishajua hivyo. Unaondoa tishu iliyokufa, unadhibiti maambukizi, sukari inashushwa, mguu unapunguziwa uzito. Vyote hivyo ni kuziondolea netrofili sababu ya kuendelea kuja. Kimeanza kwenda mbele utakapoona nyama nyekundu yenye chembechembe, inayotoka damu kirahisi ukiigusa, na kingo zenye ngozi mpya nyembamba ya waridi. Hapo fibroblasti na mishipa mipya vimeshika kazi, hata kama ni wiki ya nane.

Kinyume chake kipo pia, nacho kinadanganya zaidi. Mgonjwa anayekunywa prednisoloni kwa muda mrefu anaweza kuwa na jeraha tulivu kabisa: halijavimba, si jekundu, haliumi sana. Mwanafunzi anaandika "jeraha linaendelea vizuri". Utulivu huo unatokana na dawa kuzuia inflamasyo; makrofaji ni chache, kwa hiyo fibroblasti hazijaitwa. Pia maambukizi yanaweza kujificha humo bila dalili zake za kawaida. Kwa mgonjwa huyo ule ukingo wa chini ya ngozi una thamani kuliko rangi ya mshono.

Hatua ya mwisho haina seli ngeni. Kuanzia karibu wiki ya tatu, na kwa mwaka mmoja au zaidi, fibroblasti zinaendelea kutawala, lakini sasa zinapanga upya: kolajeni ya aina ya III iliyowekwa haraka haraka inabadilishwa na ya aina ya I, iliyo imara zaidi. Miofibroblasti, ambazo ni fibroblasti zenye uwezo wa kujikaza, zinakuwa zimeshavuta kingo zikaribiane, hasa kwenye jeraha lililoachwa wazi. Kazi ikiisha zinakufa na kovu linabaki na seli chache. Ukiulizwa aina ya kolajeni, angalia umri wa jeraha kabla ya kujibu: changa ni III, kovu lililokomaa ni I.

Nguvu ya kovu ndiyo namba ambayo ningependa uibebe mpaka kazini. Wiki ya tatu ngozi iliyoshonwa ina karibu 20% tu ya nguvu ya ngozi isiyokatwa. Karibu mwezi wa tatu inafika hadi 80%, na kwa kawaida haizidi hapo. Mama yetu wa Kadutu nyuzi zake zimetoka, mshono umefunga, anajiona mzima, na nyumbani kuna watoto wa kulisha. Kama kazi yake ni kubeba mizigo kwa kamba ya kichwani kupandisha mlima kutoka sokoni, mwambie waziwazi, mbele ya mumewe au mama mkwe kama yupo: "Mama, juu pamefunga, ndani nyuzi za mwili wako bado ni changa. Mzigo mzito ungoje wiki sita." Na akikuuliza kwa nini, unajua sasa cha kumjibu.