Fungu la Ukoo: Nilivyoacha Kusema "Sina"

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, kaka yangu amenibloki kwa sababu nimemnyima elfu hamsini. Nifanye nini?" Nimekaa na ujumbe huo siku tatu. Sikukosa la kumwambia, ila umenirudisha mahali ambapo sipendi kurudi.

Mimi ni mtoto wa kwanza wa kike kutoka Singida, nafanya kazi kwenye duka la dawa hapa Dar. Wewe unayesoma hapa unajua maana yake. Siku mshahara unapoingia, simu inaanza kabla hata hujamlipa mwenye nyumba. "Shikamoo dada, habari za siku nyingi?" Ukisikia hiyo "siku nyingi", jua bei inakuja nyuma yake, pamoja na "usisahau na ya kutolea".

Mwaka 2021 nilikuwa napokea shilingi 870,000 mkononi. Usiku mmoja, baada ya kukopa kwenye simu ili nimtumie binamu, huku mchele ndani umekwisha, nilichukua daftari na kupitia meseji za miamala ya miezi mitatu. Nilikuwa nimetuma shilingi 1,014,000. Maombi yalikuwa 23, na ya hospitali au shule kati ya hayo yalikuwa matano tu. Nililia, sina haja ya kuficha. Halafu nikakasirika, na hasira ikanifanya nikosee.

Kosa lenyewe lilikuwa kusema "sina". Baba mdogo alinipigia akitaka shilingi 70,000, nikamjibu, "Baba, sina hata mia." Jioni yake nilikuwa kwenye kicheni pati ya rafiki yangu, nimevaa sare ya kitenge, na picha nikaiweka stetasi. Nilisahau kwamba baba mdogo ana Wasapu. Kwenye kikao cha ukoo cha mwezi wa kumi na mbili akasimama mbele ya watu na kusema, "Huyu mama wa mjini ana hela ya vitenge, ila sisi hatujui." Hakuna aliyenitetea, hata mama yangu. Mpaka leo nikikumbuka koo linanikaba.

Lakini alikuwa sahihi kwa jambo moja: nilimdanganya. Ukisema "sina", unampa mtu kazi ya kukuchunguza, na kila soda utakayokunywa itakuwa ushahidi.

Sasa nafanya hivi. Kila mwezi natenga shilingi 200,000. Kati ya hizo 80,000 ni za mama, nazituma tarehe 26 bila kuombwa. Hili la "bila kuombwa" nalisisitiza. Zamani mama alilazimika kutunga shida ili apate hela ya sukari, na ndugu wengine walipitisha shida zao kwake kwa kuwa walijua mama simkatalii. Alipoanza kupata chake kwa tarehe, aliacha kuwa mlango wa ukoo mzima. Zile 120,000 zinazobaki ndizo fungu la ukoo. Zinakaa kwenye laini ya pili, zisipoisha zinaingia mwezi unaofuata, na zikiisha zimeisha.

Niliwaambia wazi kwenye kundi la familia kwamba fungu lipo, ingawa kiasi sikukitaja. (Usitaje kiasi. Ukitaja, watagawana kabla hujapokea mshahara.) Siku hizi nikikataa sisemi sina, nasema, "Baba, fungu la mwezi huu limeshatoka, nitaweza kuanzia tarehe 26." Hiyo ni kweli, hata akiniona kwenye kitenge.

Jambo la pili linahusu mikopo, na hapa ndipo penye kidonda. Binamu yangu, tuliyelala naye kitanda kimoja utotoni, alinikopa shilingi 300,000. Ahadi ilikuwa mwezi mmoja. Mwezi ukawa mwaka. Nilianza kudai kwa upole, kisha kwa meseji ndefu, naye akaacha kupokea simu. Baba yangu alipofariki, binamu hakufika msibani. Nilikuja kusikia aliogopa kunitazama usoni. Nilikosa zile laki tatu, na siku niliyomhitaji nikamkosa na yeye.

Tangu hapo ndugu simkopeshi. Mwezi uliopita mdogo wangu alitaka shilingi 250,000 aanze biashara ya mitumba. Kwenye fungu kulikuwa na 135,000, maana 15,000 zilibaki mwezi wa nyuma. Shangazi alishapata 22,000 za dawa ya presha, na mtoto wa dada 30,000 za mahafali ya kidato cha nne. Nilikuwa na 83,000. Nikampa 50,000, nikamwambia, "Hii ni yako, usirudishe. Zinazobaki tafuta kwingine." Alinuna wiki mbili. Lakini akinuna anarudi. Anayedaiwa hukimbia.

Wapo watakaokushauri ulipe shule au duka la dawa moja kwa moja, usimpe mtu fedha mkononi. Ni ushauri mzuri kwa kiasi kikubwa, ada ya chuo kwa mfano, ambayo unalipa kwa namba ya malipo na mambo yanaisha. Kwa kiasi kidogo unadhalilisha. Niliwahi kumwambia shangazi anipigie picha cheti cha dawa ndipo nitume. Akajibu, "Sikujua mimi ni mteja wako." Niliomba radhi kwa kusafiri mpaka Singida. Chini ya shilingi 30,000, mpe au usimpe, lakini usimhoji mtu mzima.

Kilichonisaidia zaidi ni kuiwahi shida. Mwaka 2022 nilimlipia baba mdogo bima ya afya ya CHF iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Ndiyo, huyohuyo wa kikaoni. Maombi yake ya "mtoto ana homa" yalipungua sana, ingawa kuna siku dawa zilikosekana kituoni ikabidi zinunuliwe nje.

Msiba usiuweke kwenye fungu. Rambirambi ni deni la kupeana, leo kwao kesho kwako, na anayelikwepa huonekana siku yake ikifika. Kadi za michango ya harusi ndizo za kukazia: mimi nachangia za watoto wa baba na mama zangu wakubwa na wadogo, nyingine natuma pongezi.

Tena, dada zangu watoto wa kwanza, tuwapigie simu siku ambayo hawajaomba kitu! Tunalalamika kwamba wanatutafuta kwa hela tu, na sisi tunapokea simu zao kwa kuogopa hela tu. Mimi nampigia baba mdogo Jumapili baada ya kanisa. Dakika tano za mvua na alizeti. Nilianza kwa kujilazimisha, sikudanganyi.

Kwa hiyo msomaji wangu, usimtumie kaka yako ile elfu hamsini ili akufungulie. Ukituma leo, umemfundisha bei ya kukubloki. Mtumie salamu kupitia mama au wifi yako, uliza hali ya watoto, kisha nyamaza. Wiki, mwezi, mpe nafasi.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kituo cha mabasi kupokea kidumu cha lita tano cha mafuta ya alizeti, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, jina langu limeandikwa kwa kalamu ya wino. Kimetoka kwa baba mdogo. Nilimpigia palepale kushukuru. Akauliza kama hakijavuja, akacheka, akaniuliza afya. Halafu kikapita kimya kidogo.

"Sasa mwanangu, kuna kajambo."

Kwenye fungu zilikuwa zimebaki 33,000. Nikamwambia, "Sema, baba."