Slaidi tisa, dakika kumi: karatasi ya mazoezi ya usaili yenye saa na mahali pa kukata

Barua ya usaili ikisema "utapewa dakika 10 za kuwasilisha", andaa wasilisho la dakika 9, na ukae tayari kulitoa kwa dakika 7 au 5. Jopo likianza kuchelewa asubuhi, wa mchana ndiye anayelipia. Mwenyekiti atakuambia kwa upole, "Tafadhali jitahidi ndani ya dakika tano," na hapo huna nafasi ya kufikiria uache nini. Uamuzi huo unatakiwa uwe umeshaandikwa.

Nimekaa pande zote mbili za meza hiyo, na mwaka huu nilimsaidia mpwa wangu aliyeitwa kwenye usaili wa msimamizi wa mauzo Kanda ya Ziwa. Swali lake lilikuwa: utawezaje kuhakikisha bidhaa hazikosekani madukani Sengerema na Geita? Slaidi zilikuwa tayari, tena nzuri. Alichokuwa hana ni maneno ya kusema.

Jambo la kwanza tulilofanya ni kuziweka slaidi kando na kuandika, kwa kila moja, vitu vitatu tu: sentensi ya kufungulia, kitu kimoja ambacho jopo lazima likisikie, na sentensi ya kuvukia slaidi inayofuata. Usiandike hotuba nzima, maana ukipoteza mstari mmoja utasimama kuutafuta. Sentensi ya kufungulia na ya kuvukia ziandike neno kwa neno. Katikati ongea mwenyewe.

Slaidi yake ya tatu ilikuwa na kichwa "Hali ya usambazaji" na vipengele sita. Kwenye karatasi ikawa hivi:

```
SLAIDI 3                          SAA: 1:15
Fungua: "Ratiba ya gari la Geita ilipangwa enzi za kivuko."
Lazima: Daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa Juni 2025.
        Gari halipangi tena foleni ya kivuko.
        Ratiba bado ni ileile.
Vukia:  "Tuone hilo linaonekanaje madukani."
```

Vipengele vitatu vilivyobaki vilikuwa vya kusomwa, si vya kusemwa, tukaviacha kwenye slaidi.

Sasa saa. Watu wengi huandika "dakika moja na nusu" pembeni ya kila slaidi. Haisaidii, kwa sababu ukiwa mbele ya watu huwezi kujumlisha. Andika saa inayotakiwa kusomeka kwenye kipima muda unapoifungua slaidi hiyo, ukihesabu kutoka sifuri. Zake zilikuwa hivi: kichwa 0:00, pendekezo kwa kifupi 0:20, hali ilivyo 1:15, takwimu za maduka 2:45, kisa cha duka moja la Sengerema 4:00, ratiba mpya ya gari 5:00, gharama 6:45, vihatarishi 7:45, mwezi wa kwanza kazini 8:20, mwisho 9:00.

Saa hizo hazitoki kichwani. Simama, washa kinasa sauti cha simu, sema slaidi zote kwa sauti, kisha sikiliza na uandike kila slaidi ilianza lini. Kusoma kimyakimya kunadanganya, kwani macho yana mbio kuliko mdomo. Na fanya kwa lugha utakayoitumia siku yenyewe. Kama usaili ni wa Kiingereza na umejipima kwa Kiswahili, saa zako hazina kazi.

PowerPoint nayo ina `Rehearse Timings` ndani ya `Slide Show`, inapima kila slaidi. Ukimaliza itauliza kama uhifadhi muda huo: jibu `No`. Ukihifadhi, siku ya usaili slaidi zinaweza kuanza kujisogeza zenyewe ukiwa katikati ya sentensi.

Kati ya saa zote hizo, zungushia mbili tu kwa kalamu nyekundu. Kwa mpwa wangu zilikuwa slaidi ya 4 na ya 6. Kila moja ina sharti lake: ukifungua slaidi ya 4 na saa imefika 3:30, kisa cha Sengerema kinarukwa. Ukifungua ya 6 na saa imepita 5:45, vihatarishi vinasemwa kwa sentensi moja. Hizo nyingine usiziangalie. Mtu anayetazama saa kila slaidi, jopo linaiona hofu yake.

Kukata kwenyewe ndiko kunakotaka kazi. Kinachokufa kwanza ni ushahidi wa ziada: kisa cha pili, jedwali, historia. Pendekezo lako na utakachofanya mwezi wa kwanza haviguswi hata wakikupa dakika tatu, kwa sababu hivyo ndivyo wanavyovipa alama. Kwa dakika 7, tuliondoa kisa cha Sengerema (dakika 1), jedwali la maduka likabaki namba moja ya kusemwa (dakika 1), na vihatarishi vikawa sentensi moja (sekunde 25). Ikafika 6:35. Kwa dakika 5 zilibaki salamu, pendekezo, nusu dakika ya hali ilivyo, ratiba mpya yote, nusu dakika ya gharama na mwezi wa kwanza: 4:40.

Hapo mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, si niongee haraka tu, vyote viingie?" Nikamwambia ajirekodi akifanya hivyo. Alisikiliza robo tu, akaizima. Mtu akikimbiza maneno, namba ndizo zinazomezwa kwanza, na namba ndizo jopo linazoziandika.

Kila mkato unahitaji sentensi yake ya kuvukia. Ukitoka slaidi ya 4 kwenda ya 6, ile "Chukulia duka moja la Sengerema" haipo tena. Tuliandika pembeni kwa nyekundu: "Kwa hiyo kinachotakiwa ni ratiba, si magari zaidi." Kwenye kompyuta anabonyeza `6` kisha `Enter`, na slaidi ya 5 haionekani kabisa. Wala usiseme "hii nairuka kwa sababu ya muda". Hawakujua ipo. Ukiitaja, umewaonyesha pengo.

Karatasi iwe karatasi kweli. Ofisi nyingi zitakutaka uweke faili kwenye flashi na utumie kompyuta yao, na hapo maandishi yako ya `Presenter View` huenda usiyaone. Chapa kwa herufi kubwa, upande mmoja, kila ukurasa na namba yake juu ili zikianguka uzipange upya mara moja.

Mazoezi ya mwisho yafanye na mtu mwenye saa, mpe ruhusa ya kukukatiza bila kukuambia lini. Mimi nilimkatiza mpwa wangu alipokuwa kwenye jedwali la maduka: "Umebakiwa na dakika mbili." Alitazama karatasi, akasema sentensi ile nyekundu, akaenda kwenye ratiba kwa dakika moja, kisha mwezi wa kwanza. Jaribu pia kuulizwa swali katikati. Jibu kwa sentensi mbili, kisha soma saa kabla ya kuendelea, kwani swali moja linaweza kula dakika nzima na ndilo litakaloamua kama kisa cha Sengerema kinabaki au kinaondoka.